Mama alikuwa mkali: tuandike nini kwenye jiwe la kaburi lake?

*"Mama yetu alifariki miezi mitatu iliyopita. Alikuwa mjane, fundi cherehani, na kwa kazi hiyo alitulea watoto sita. Fundi wa mawe anataka maneno wiki hii. Kaka yetu mkubwa ameandika: 'Mama mpendwa, mke mwaminifu, bibi mwenye upendo, mcha Mungu, mkarimu na mpole, nuru ya familia yetu, umetutoka lakini utabaki mioyoni mwetu daima, tutakukumbuka milele, pumzika kwa amani.' Wenzangu wameafiki, ila mimi nikisoma simwoni mama. Alikuwa mkali, hakupenda maneno mengi, na nguo akiimaliza aliigeuza kwanza akakagua mshono kwa ndani. Tuandike nini kifupi, cha kudumu, kinachomhusu yeye? Na tarehe ya kuzaliwa? Kitambulisho kinasema 1 Januari 1946. Mwaka tunauamini, siku ilibuniwa tu."*

Poleni sana, ndugu yangu, wewe na wenzako. Nianze na la wiki hii, kwa sababu ndilo linalowabana. Hakuna sababu ya kufunga maneno sasa hivi. Udongo wa kaburi jipya huendelea kutitia kwa miezi kadhaa, na kwa kawaida sisi mafundi wa mawe hungoja kati ya miezi sita na mwaka kabla ya kusimamisha jiwe zito. Likiwahi kusimamishwa, huinama upande mmoja au msingi wake hupasuka. Fundi wenu anaweza kuhitaji mapema aina ya jiwe na vipimo, na hivyo mpeni. Maneno yangoje. Kwa sasa kibao chenye jina na mwaka kinatosha.

Nikija kwa kaka yako, hakukosea kuwa na maneno hayo moyoni. Alichoandika ni tanzia, na tanzia husomwa siku moja mbele ya watu waliomjua marehemu. Ukisema "mkarimu", kila mmoja pale anakumbuka siku aliyokirimiwa, na neno linajaa lenyewe. Jiwe lina msomaji mwingine kabisa. Miaka sitini ijayo atapita kijukuu ambaye hakuwahi kumwona mama yenu, au mtu baki aliyekuja kumzika jirani yake, naye atasimama juani kwa sekunde chache tu. Huyo hana kumbukumbu ya kulijazia neno "mkarimu". Atalisoma kama lilivyo, kisha atalisoma tena kwenye jiwe la pili na la tatu, maana makaburini wote tunakuwa wapole na wakarimu.

Kabla ya maana, tupime nafasi, kwa kuwa jiwe halibembelezwi. Tuseme jiwe lenu lina upana wa sentimita 60. Toa tano kila upande ili maandishi yasigongane na ukingo, unabaki na 50. Herufi kubwa yenye kimo cha sentimita 3, pamoja na pengo lake, hula wastani wa sentimita mbili na nusu. Mstari mmoja basi unabeba herufi 20 hivi, nafasi kati ya maneno zikiwemo. Rasimu ya kaka yako, ukihesabu herufi, nafasi na alama zote, inafika 187. Hiyo ni mistari kumi kwa uchache, na Kiswahili kinavyopenda maneno marefu, itavuka kumi: "tutakukumbuka" peke yake ni herufi 13, halikai mstari mmoja na "milele" na mkato wake. Kila mstari ukichukua sentimita tano kwenda chini, sifa tu zimekula zaidi ya nusu mita, na jina la mama bado halijaandikwa.

Fundi akikabidhiwa maneno hayo hatakataa. Atapunguza herufi mpaka ziingie, pengine zifike kimo cha sentimita moja na robo. Siku ya kwanza zitapendeza, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Herufi iliyochongwa husomeka kwa kivuli: tindo huacha mfereji wenye umbo la V, mwanga unaangukia ubavu mmoja, mwingine unabaki gizani. Unene wa mstari wa herufi ni takriban sehemu moja ya kumi ya kimo chake. Herufi ya sentimita 3 ina mfereji wa milimita tatu, lakini ile ya sentimita moja na robo ina milimita moja na kitu, na mfereji mwembamba hauwezi kuwa na kina. Kama jiwe ni marumaru, maji ya mvua yana tindikali hafifu ambayo huliyeyusha kidogo kidogo, na kingo za herufi ndogo ndizo hutangulia kufifia. Kama ni graniti, haiyeyuki hivyo, ila chembe zake ni kubwa, nyingine milimita kadhaa, kwa hiyo mstari mwembamba humeguka kingo tangu unapochongwa. Hapo fundi hupaka rangi ili kuficha. Jua likishaibandua rangi hiyo, mnabaki na jiwe lenye mikwaruzo. Mwombe fundi akuonyeshe kazi yake ya zamani ambayo rangi imekwisha, uone kama bado inasomeka.

Kwa hiyo tunaposema maandishi yawe mafupi, si suala la mtindo. Ufupi ndio unaolipatia jiwe herufi kubwa, na herufi kubwa ndizo zinazodumu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, tume ya Uingereza iliyosimamia makaburi ya askari wa milki yake iliruhusu familia kuongeza maneno yao chini ya jina la askari, lakini yasizidi herufi 66, nafasi zikihesabiwa. Mimi hutumia kipimo hicho kama kamba. Si sheria, ila familia ikivuka 66 huwa najua kuna kitu kinasemwa mara mbili.

Sasa turudi kwa mama. Chukua rasimu ile uifanyie jaribio dogo: kila kipande kihamishe kwenye kaburi la jirani. "Mama mpendwa" kinahamia bila shida. "Nuru ya familia yetu" hivyo hivyo. "Mcha Mungu" kinahamia. Vyote vinakaa vizuri kule kama vinavyokaa hapa, maana havikuwa vya mtu mmoja. Vipande vingine vina kasoro ya ziada. "Tutakukumbuka milele" ni ahadi, na waliotoa ahadi nao watakufa. Siku mtoto wa mwisho kati yenu akifariki, jiwe litakuwa linasema jambo ambalo halitimizwi tena. "Mioyoni mwetu" je? Mgeni atajiuliza, mwetu sisi akina nani? Na hilo "mpole" wewe mwenyewe umeshanijibu. Msilichonge. Hamlazimiki kutangaza ukali wa mama kwenye jiwe, hakuna anayewadai hilo, lakini kunyamaza ni jambo moja na kusema kinyume ni jambo jingine. Wajukuu waliofinywa sikio na bibi yao wakisoma "mpole", watacheka, kisha wataanza kulitilia shaka jiwe zima, pamoja na yale ya kweli.

Ninachoshauri ni kuacha sifa na kutafuta kitenzi. Kiswahili hapa kimetupendelea kuliko lugha nyingi, kwa kuwa kitenzi chetu kimoja ni sentensi kamili. "Alisomesha": umeshajua ni mtu mmoja, ni wakati uliopita, ni kazi aliyoifanya, na umetumia herufi kumi tu. Sifa humwambia msomaji amwonaje marehemu. Kitenzi kinamwonyesha akiwa kazini, na msomaji anahitimisha mwenyewe. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, aliacha maagizo ya maneno ya kaburi lake, akataja mambo matatu aliyoyafanya: kuandika Azimio la Uhuru, kuandika sheria ya uhuru wa dini ya Virginia, na kuanzisha Chuo Kikuu cha Virginia. Urais hakuutaja kabisa, na aliagiza lisiongezwe hata neno moja. Hakusema alikuwa mwenye hekima. Aliorodhesha kazi alizotaka kukumbukwa nazo, akanyamaza.

Na wewe umeshaniletea kitenzi bila kujua. Umeandika kwamba nguo akiimaliza aliigeuza kwanza akakagua mshono kwa ndani. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliweka kikombe chini. Tukilisafisha kidogo linakuwa hivi:

ALIKAGUA MSHONO
KWA NDANI
KABLA YA NJE

Herufi 38 pamoja na nafasi. Mstari mrefu kuliko yote una 15, kwa hiyo unakaa kwenye jiwe lenu hata kwa herufi za sentimita tatu na nusu. Tazama yaliyobebwa humo. Neno "mshono" limeshasema kazi yake, hamhitaji kuandika "fundi cherehani". Ukali wake upo, ila umeonyeshwa mahali ulipokuwa na faida. Uchamungu ambao kaka yako anautaka nao upo kwa mbali, kwa msomaji atakayeuona. Onyo langu moja: msilifafanue. Kuna mmoja wenu atataka kuongeza "kama alivyokagua nafsi yake", na akishaongeza hivyo mstari umekufa, kwa sababu mmempokonya msomaji kazi yake.

Sikufichi kwamba mstari huu una udhaifu. Hauwataji ninyi watoto, na katika familia ya watu sita kuna atakayeuliza, "Sisi tuko wapi hapo?" Kama hoja hiyo itakuwa nzito, kuna njia ya pili: "Alisomesha watoto sita kwa sindano." Herufi 34. Hesabu "sita" ni ushahidi ambao "mama mwenye upendo" hauna, na "sindano" inaleta jasho lake. Lakini hakikisheni ni kweli tupu. Ikiwa mjomba alilipa ada ya wawili, au mmoja wenu hakufika shule, jiwe litakuwa limemdhulumu mtu, na huyo mtu atalisoma kila anapozuru. Hapo tumieni "alilea", ambalo kwa maelezo yako halina mgogoro. Mimi ningechagua mstari wa mshono, kwa kuwa unamtaja yeye kabla hajawa mama wa mtu. Uamuzi ni wenu.

Sikuchagua "alikagua" kwa bahati. Rasimu zingine huja na "alikuwa akikagua kila mara". Kwenye jiwe, "ali-" pekee inatosha kubeba mazoea ya maisha mazima, maana msomaji anajua maisha hayo yamefungwa. Vielezi kama "daima", "sana" na "kila mara" viondoeni vyote. Huongeza herufi na kupunguza uzito.

"Pumzika kwa amani" ya kaka yako ningeibakiza, ikiwa imani yenu inaitaka. Dua haidai chochote kuhusu marehemu, kwa hiyo haiwezi kuwa uongo. Ila angalia nani anazungumza na nani. Mstari wa mshono unamzungumzia mama kwa mgeni: "ali-". "Pumzika" ghafla inamgeukia mama mwenyewe. Rasimu ya kaka yako ina kasoro hiyo hiyo, inaanza kumsifu kisha katikati inamwambia "umetutoka". Andikeni "Apumzike kwa amani" na sauti itabaki moja kutoka juu hadi chini. Herufi 18, mstari mmoja, chini kabisa, kwa herufi ndogo kidogo kuliko za mshono.

Tarehe ni jambo rahisi. Siku iliyobuniwa msiichonge. Kitambulisho kilihitaji siku ili fomu ijae, jiwe halina fomu. Andikeni miaka miwili tu, wa kuzaliwa na wa kufariki, kwa tarakimu zote nne. Miaka miwili iliyokaa pamoja haimfanyi mtu ajiulize siku ziko wapi. Mkitaka sana siku ya kufariki, andikeni mwezi kwa neno, kwa sababu tarehe yenye tarakimu tupu kama 3/4 kuna watakaoisoma tarehe tatu Aprili na wengine tarehe nne Machi. Jina nalo liwe lile watu walilomwitia. Kama kitambulisho kina majina matatu na mtaa mzima ulimjua kwa moja, liandikeni kamili lakini hilo moja lipewe herufi kubwa zaidi. Na kama jina lina *ng'*, hakikisheni ile alama haijadondoka njiani, maana mashine za kukata herufi huimeza mara nyingi.

Yapo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kabla ya kumlipa fundi, mmoja wenu aende ofisi ya makaburi akaulize kimo kinachoruhusiwa na kama maneno hupitiwa kwanza, kwani kwingine hupitiwa. Muulizeni pia kiongozi wenu wa dini. Kwa Waislamu, kwa mfano, wapo wanazuoni wasiopendelea maandishi juu ya kaburi zaidi ya alama au jina la kulitambulisha, na ni bora kulijua hilo kabla ya kuchonga. Na kama mazungumzo na kaka yako yatakuwa magumu, msijadiliane kwa simu. Kaeni pamoja na mtu wa pembeni mnayemheshimu wote, mwambieni kila mmoja ataje jambo moja ambalo mama alifanya kwa mikono yake. Usianze kwa kuikosoa rasimu. Mara nyingi aliyeandika sifa nyingi ndiye mwenye kisa kizuri kuliko wote, ila hakuna aliyemwomba akisimulie. Rasimu yake isomwe siku ya kusimamisha jiwe, ndipo mahali pake.

Mkishakubaliana, msiruhusu jiwe liguswe kabla ya mchoro wa karatasi wenye ukubwa halisi. Hili nimejifunza kwa aibu. Niliwahi kuchonga "Babu yetu mpendwa" kwenye jiwe la mtu ambaye watoto wake ndio walioliagiza. Maneno yalikuwa yametumwa kwa simu na mjukuu, naye aliandika alivyozoea kumwita. Mimi nilisoma, mke wa marehemu alisoma, wana wawili walisoma, wote tukaitikia kwa kichwa, kwa sababu jicho husoma kile linachotarajia. Binti yake wa pili ndiye aliyeliona, jiwe likiwa limeshashushwa. Herufi *u* haigeuzwi kuwa *a* kwenye graniti. Gundi ya kuzibia huonekana kama kiraka, hasa jiwe likilowa. Ilibidi nisage uso wote wa jiwe mpaka chini ya kina cha herufi, niung'arishe upya, na kuanza mwanzo, kwa hasara yangu, maana sikuwa nimedai saini ya mtu yeyote. Tangu siku hiyo mtu mmoja, aliyeteuliwa na familia, husaini kila ukurasa.

Ule mchoro ubandikeni ukutani na usomeni kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, herufi kwa herufi, ili maana isiwapumbaze. Angalieni mistari imekatika wapi: "kwa" isibaki ikining'inia mwishoni huku "ndani" imeshukia mstari wa pili, na neno lisigawanywe kwa kistari hata fundi akisema ndiyo njia pekee. Njia nyingine ni kupunguza neno.

Halafu mwite mtu ambaye hakumjua mama kabisa. Asimame hatua nne kutoka ukutani, asome kwa sauti mara moja, kisha umuulize alikuwa mtu wa namna gani huyu. Akikujibu kwamba alikuwa fundi wa nguo asiyependa kazi ya kulipua, mpelekee fundi wa mawe karatasi hiyo.